Kuthibitisha kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa: kuchagua sharti na kutoa sababu ya kila mstari

Chukua swali hili, maana nitalirudia mpaka tulimalize. Pembenne ABCD ina pande AB na DC ambazo ni sambamba, tena zina urefu sawa. Mistari ya mshazari AC na BD inakutana kwenye nukta O. Thibitisha kwamba AO = OC.

Mwanafunzi anachora umbo, anatazama, na macho yanamwambia kwamba O iko katikati kabisa. Anaandika: "AO = OC kwa sababu O ni nukta ya katikati." Jibu hilo halina hata alama moja, kwa sababu amelichukua lile aliloambiwa athibitishe akaligeuza kuwa sababu. Katika madaftari ninayosahihisha, kosa hili ni la kawaida kuliko makosa yote ya hesabu za kujumlisha na kutoa. Anayelifanya mara nyingi anayajua masharti yote kwa moyo. Kinachomkwamisha ni kwamba hajui aanzie wapi, na hajui ni nini kinahesabika kuwa sababu.

Pembetatu mbili zinalingana kabisa pale ambapo ukikata moja kwa mkasi na kuiweka juu ya nyingine, hata kwa kuigeuza chini juu, zinafunikana bila kuzidi wala kupungua. Pande tatu ni sawa na pembe tatu ni sawa, yaani mambo sita. Sharti la ulinganifu ni njia ya mkato tu: linakuruhusu kuonyesha mambo matatu yaliyochaguliwa vizuri, na matatu yanayobaki unayapata bure. Ndiyo maana tunahangaika nalo. Katika swali letu AO = OC litakuwa mojawapo ya yale ya bure.

Anza na kinachotakiwa

Kabla hujagusa ulichopewa, tazama unachotakiwa kufikia. Tunataka AO na OC ziwe sawa. Kwa hiyo tunatafuta pembetatu mbili, moja ikiwa na upande AO na nyingine ikiwa na upande OC. Kwenye mchoro, AO ni upande wa pembetatu AOB na pia wa pembetatu AOD. OC ni upande wa COD na pia wa COB. Kuna jozi mbili zinazoweza kufaa: AOB na COD, au AOD na COB.

Sasa ndipo uangalie ulichopewa. Tumepewa habari za AB na DC. AB iko ndani ya pembetatu AOB, na DC iko ndani ya COD. Pande AD na BC hazikutajwa popote. Basi jozi yetu ni AOB na COD, na hilo limeamuliwa na swali lenyewe wala si kwa kubahatisha. Mwanafunzi anayeanza na AOD na COB atajikuta anahitaji AD = BC, ambayo hana, na atashawishika kuiandika hivyo hivyo kwa sababu "inaonekana".

Kuhusu mchoro, chora wako mwenyewe hata kama umepewa mwingine, na uuchore kwa kuupotosha kidogo. Ukiulizwa kuhusu pembenne, usichore mraba wala mstatili. Chora umbo lililolala, AB ikiwa ndefu, AD ikiwa fupi na yenye kuinama. Niliwahi kumwona msichana mmoja hodari sana akipoteza swali zima kwa sababu alichora mstatili. Kwenye mstatili AO, BO, CO na DO zote ni sawa, naye akaandika AO = BO kana kwamba ni jambo la wazi. Katika umbo lililolala asingeona hivyo, kwani AC na BD zingekuwa na urefu tofauti mbele ya macho yake.

Weka alama kwenye mchoro kwa yale tu uliyopewa: kistari kimoja kifupi juu ya AB na kingine juu ya DC kuonyesha kwamba ni sawa, na vishale kuonyesha kwamba ni sambamba. Usiweke alama yoyote kwenye AO na OC. Ukiziweka, baada ya dakika tano utasahau kwamba ulizifikiria tu, na utazitumia.

Panga herufi kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi watulie kuliko mahali pengine popote. Kuandika kwamba pembetatu AOB ≅ pembetatu COD ni kusema mambo matatu kwa mpigo: kona A inaangukia C, kona O inaangukia O, na kona B inaangukia D. Kutokana na mpangilio huo pande zinasomeka zenyewe. Herufi mbili za kwanza hapa, AO, ni sawa na herufi mbili za kwanza kule, CO. Mbili za mwisho, OB na OD. Ya kwanza na ya mwisho, AB na CD.

Ukiandika badala yake AOB ≅ DOC, umesema A inaangukia D. Mtu akisoma atapata AO = DO, na hilo si kweli katika umbo letu. Kila mstari wako mwingine unaweza kuwa sahihi, na hitimisho likawa la uongo kwa sababu ya herufi mbili zilizobadilishana nafasi.

Utajuaje kona ipi inakwenda na ipi? Tumia kile ulichonacho. AB ni sawa na CD, kwa hiyo kona iliyobaki nje ya upande huo katika kila pembetatu, yaani O na O, ndizo zinazokwenda pamoja. Kisha tazama pembe: iliyoko A ni sawa na iliyoko C, kama tutakavyoona sasa hivi. B na D zinabaki kwenda pamoja.

Kuna uthibitisho mmoja wa kale unaoonyesha nguvu ya mpangilio huu kwa namna ninayoipenda sana. Unahusishwa na Pappus wa Aleksandria, aliyeishi karne ya 4. Chukua pembetatu ABC ambayo AB = AC. Unataka kuthibitisha kwamba pembe zilizoko B na C ni sawa. Pappus hakuchora mstari wowote wa ziada. Aliilinganisha pembetatu hiyo na yenyewe iliyosomwa kinyume: ABC na ACB. AB ni sawa na AC. AC ni sawa na AB. Pembe iliyoko A ni ile ile. Pande mbili na pembe iliyobanwa kati yao zimelingana, kwa hiyo ABC ≅ ACB, na kona B inaangukia C. Basi pembe hizo ni sawa. Uthibitisho wote umo kwenye mpangilio wa herufi.

Hesabu pande kwanza, ndipo uchague sharti

Darasani masharti haya huandikwa kwa herufi za mkato: SSS, SAS, ASA, AAS na RHS. S ni upande, A ni pembe, R ni pembe mraba na H ni haipotenusi, yaani ule upande mrefu unaoikabili pembe mraba. Wengi huyakariri kama wimbo, halafu mbele ya swali huchagua lile linalowajia kwanza kichwani. Mimi hufundisha kuchagua kwa kuhesabu pande.

Andika pembeni yale yote unayoweza kuyatolea sababu: uliyopewa, na yale ambayo mchoro unakupa bure. Ya bure ni machache na yanajirudia. Upande unaomilikiwa na pembetatu zote mbili ni sawa na wenyewe. Pembe inayomilikiwa na zote mbili, vivyo hivyo. Pale mistari miwili inapokatana, pembe mkabala ni sawa. Pale mistari sambamba inapokatwa na mwingine, pembe mbadala ni sawa. Kwenye duara, mistari yote kutoka kitovuni hadi kwenye mzingo ni sawa. Kwenye pembetatu yenye pande mbili sawa, pembe mbili zinazozikabili pande hizo ni sawa.

Ukishaorodhesha, hesabu una jozi ngapi za pande. Ukiwa na tatu, kazi imekwisha, ni SSS. Ukiwa na mbili, unahitaji pembe moja tu, lakini iwe ile iliyobanwa kati ya pande hizo mbili, na hiyo ni SAS. Isipokuwa pembe uliyonayo ni pembe mraba na mmoja wa pande hizo mbili ni haipotenusi, hapo unatumia RHS. Ukiwa na jozi moja tu ya pande, unahitaji jozi mbili za pembe. Ikiwa upande uko kati ya pembe hizo ni ASA, na ikiwa uko nje yake ni AAS. Ukiwa huna hata jozi moja ya pande, simama. Pembe tatu peke yake hazithibitishi ulinganifu kamili, kwa sababu pembetatu yenye pande za sm 3, 4 na 5 ina pembe zile zile na yenye sm 6, 8 na 10. Zinafanana umbo, ukubwa ni tofauti. Rudi kwenye swali, kuna upande ambao hujauona, na mara nyingi ni ule wa pamoja.

Turudi kwa AOB na COD. Jozi ya pande tuliyonayo ni moja tu: AB = CD. Basi tunatafuta pembe mbili, na mistari sambamba itatupa.

Pembe mbadala zinawapotosha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mstari AC unazikata AB na DC. Fuata njia kwa kidole: anza B, nenda A, shuka C, malizia D. Njia B–A–C–D ina umbo la herufi Z. Kipande cha kwanza, BA, na cha mwisho, CD, ndivyo vilivyo sambamba. Kwa hiyo pembe unazopinda kwenye kona mbili za katikati ni sawa: ∠BAC = ∠DCA. Kwa kuwa O iko juu ya AC, ∠BAC ndiyo ∠OAB, na ∠DCA ndiyo ∠OCD. Sasa fuata njia nyingine, A–B–D–C: kipande cha kwanza AB, cha mwisho DC, ni sambamba. Basi ∠OBA = ∠ODC.

Mwanafunzi akiandika ∠DAC = ∠BCA, mwambie afuate njia D–A–C–B. Vipande vya mwanzo na mwisho ni DA na CB. Je, ameambiwa kwamba hivyo ni sambamba? Hajaambiwa. Pembe hizo kweli ni sawa katika umbo hili, lakini bado hana haki ya kulisema. Jaribio hili la njia halichukui hata nusu dakika, na linakamata kosa lenyewe kabla halijaandikwa.

Tuna pembe mbili na upande, na upande AB uko kati ya pembe za A na B. Ni ASA. Mtu anaweza pia kutumia pembe mkabala, ∠AOB = ∠COD, pamoja na ∠OAB = ∠OCD na upande AB = CD. Hapo upande hauko kati ya pembe hizo, kwa hiyo ataandika AAS. Njia zote mbili ni sahihi. Kilicho kibaya ni kuorodhesha pembe mkabala kisha kumalizia kwa ASA, maana msomaji ataona kwamba sharti ulilotaja silo ulilolijenga.

Kuandika uthibitisho wenyewe

Kila mstari uwe na dai upande wa kushoto na sababu upande wa kulia. Pembetatu ya kwanza ikae kushoto ya alama ya sawasawa kila mara, na ya pili kulia, bila kubadilishana. Nitaandika sababu kwa Kiswahili. Wewe utaziandika kwa lugha ya mtihani wako, lakini kinachosemwa ni kile kile.

Imetolewa: AB ∥ DC na AB = DC. AC na BD zinakutana O.
Inatakiwa: AO = OC.

Katika pembetatu AOB na COD:
∠OAB = ∠OCD (pembe mbadala, AB ∥ DC)
AB = CD (imetolewa)
∠OBA = ∠ODC (pembe mbadala, AB ∥ DC)
Kwa hiyo pembetatu AOB ≅ pembetatu COD (ASA)
Kwa hiyo AO = CO (pande zinazokwenda pamoja katika pembetatu zinazolingana kabisa)

Tazama mambo mawili. Kwanza, nimepanga mistari mitatu kwa mpangilio wa sharti lenyewe: pembe, upande, pembe. Msomaji akifika kwenye ASA anaiona tayari imejipanga mbele yake. Pili, sababu ya pembe mbadala imetaja mistari iliyo sambamba. Kuandika "pembe mbadala" peke yake ni sababu nusu, kwa kuwa mistari isiyo sambamba nayo hutoa pembe mbadala, ila haziwi sawa. Kinachozifanya ziwe sawa ni AB ∥ DC, na ni lazima kionekane.

Usiache ule mstari wa mwisho. Wapo wanaofika kwenye ulinganifu, wanapiga mstari chini na kufunga daftari, kumbe waliulizwa AO = OC. Usikimbilie pia kuandika kwamba "ABCD ni msambamba, na mishazari ya msambamba hukatana katikati". Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini ndiyo hasa uliyoambiwa uithibitishe.

Mtego wa pande mbili na pembe isiyobanwa

Nimesema kwamba ukiwa na pande mbili, pembe lazima iwe kati yake. Wengi hukubali kwa mdomo bila kuamini, kwa hiyo chukua rula, bikari na kipimapembe, uone mwenyewe.

Chora mstari mrefu wa mlalo na uite mwisho wake wa kushoto A. Kwenye A pima nyuzi 30, na juu ya mstari huo mpya weka B, sm 10 kutoka A. Fungua bikari sm 6, simamisha ncha kwenye B, na uchore tao linaloukata ule mstari wa mlalo. Litaukata mahali pawili: mara moja karibu sm 5.3 kutoka A, na mara ya pili karibu sm 12.0 kutoka A. Zote mbili zinafaa kuwa kona C. Una pembetatu mbili, kila moja ina AB ya sm 10, BC ya sm 6 na nyuzi 30 kwenye A, na hakuna anayeweza kusema kwamba zinalingana.

Sababu yake ni kwamba kutoka B hadi kwenye mstari wa mlalo, kwa njia ya mkato kabisa, ni sm 5. Tao la sm 6 ni refu kuliko hiyo, basi linapita na kuukata mstari pande zote mbili za ile nukta iliyo karibu zaidi na B. Punguza bikari hadi sm 5 kamili, tao litaugusa mstari mahali pamoja tu, na pembe kwenye C itakuwa mraba. Ifungue hadi sm 10 au zaidi, ile sehemu ya kukata iliyokuwa karibu na A itaangukia A yenyewe au nyuma yake, na pembetatu itabaki moja.

Jaribio hili linaeleza pia kwa nini RHS ni sharti halali ingawa pembe yake haiko kati ya haipotenusi na upande uliotajwa. Pembe inayojulikana ikiwa ni mraba, upande unaoikabili, yaani haipotenusi, siku zote ni mrefu kuliko ule mwingine, kwa hiyo tao haliwezi kutoa pembetatu mbili tofauti. Hii ndiyo sababu unapotumia RHS lazima uandike wazi ni upande upi ulio haipotenusi. Ukiwa na pembe mraba na pande mbili ambazo zote zinaigusa pembe hiyo, sharti lako ni SAS, wala haipotenusi haihusiki.

AAS nayo ina mtego wake. Upande lazima uzikabili pembe zilizo sawa katika pembetatu zote mbili. Chora pembetatu yenye nyuzi 50, 60 na 70, upande unaoikabili 50 ukiwa sm 7. Chora nyingine yenye pembe hizo hizo, lakini sm 7 iikabili 60. Katika ya kwanza, upande unaoikabili 60 ni karibu sm 7.9. Katika ya pili, unaoikabili 50 ni karibu sm 6.2. Zote mbili zina pembe sawa na upande wa sm 7, lakini moja ni ndogo kuliko nyingine. Mpangilio wa herufi ukiwa sahihi, mtego huu unajionyesha wenyewe.

Pembetatu zinazopandana

Swali jingine linalotisha bila sababu ni hili. Pembetatu ABC ina AB = AC. D iko juu ya AB na E iko juu ya AC, na AD = AE. Thibitisha kwamba BE = CD.

BE na CD zinakatana ndani ya umbo, na pembetatu zake zimepandana. Usijaribu kuziona zikiwa pamoja. Zichomoe. Chora pembeni pembetatu ABE peke yake, na kando yake ACD peke yake, zote zikiwa zimesimama kwa namna moja, A juu. Mara moja utaona kwamba A iko katika zote mbili.

Katika pembetatu ABE na ACD:
AB = AC (imetolewa)
∠BAE = ∠CAD (pembe ya pamoja)
AE = AD (imetolewa)
Kwa hiyo pembetatu ABE ≅ pembetatu ACD (SAS)
Kwa hiyo BE = CD (pande zinazokwenda pamoja)

Wapo wanaochagua pembetatu DBC na ECB. Njia hiyo inafika, ila ni ndefu. Wana upande wa pamoja BC. Wana ∠DBC = ∠ECB, kwa kuwa AB = AC. Upande wa tatu, DB = EC, hawakupewa. Wanapaswa kuutengeneza: DB = AB − AD na EC = AC − AE, na ukitoa urefu sawa kutoka kwenye urefu sawa, kinachobaki ni sawa. Ukichukua njia hii, mstari huo wa kutoa lazima uandikwe. Kuandika "DB = EC (imetolewa)" ni kumsingizia aliyetunga swali jambo ambalo hakulisema.

Pale sababu inapojizunguka

Nimalizie na duara. Kitovu ni O, A na B ziko kwenye mzingo, na mstari kutoka O unakutana na AB kwenye M kwa pembe mraba. Thibitisha kwamba M iko katikati ya AB.

Nimeona mara nyingi jibu lenye mistari hii mitatu: OA = OB, OM ni ya pamoja, AM = MB, kwa hiyo SSS. Kila kitu kinapendeza mpaka ujiulize ile AM = MB imetoka wapi. Imetoka kwenye swali, lakini kwenye sehemu ya "thibitisha". Uthibitisho umezunguka ukarudi ulikoanzia. Dawa yake ni kuweka kidole juu ya kila mstari na kuuliza: je, sababu hii ningeweza kuitoa kama swali lisingekuwa na sentensi yake ya mwisho? Kwa OA = OB jibu ni ndiyo, zote zinatoka kitovuni hadi kwenye mzingo. Kwa OM, ndiyo. Kwa AM = MB, hapana. Ifute.

Kinachobaki ni pande mbili na pembe mraba ambayo haikutumika kabisa. Hiyo nayo ni dalili: habari uliyopewa ikibaki bila kutumika, kuna uwezekano mkubwa kwamba sharti ulilochagua silo. Pembe mraba iko M, na upande unaoikabili ni OA katika pembetatu moja na OB katika nyingine, kwa hiyo hizo ndizo haipotenusi.

Katika pembetatu OMA na OMB:
∠OMA = ∠OMB = nyuzi 90 (imetolewa)
OA = OB (haipotenusi, mistari kutoka kitovuni hadi kwenye mzingo)
OM = OM (upande wa pamoja)
Kwa hiyo pembetatu OMA ≅ pembetatu OMB (RHS)
Kwa hiyo MA = MB (pande zinazokwenda pamoja), yaani M iko katikati ya AB.